Dhahabu ya Kabatini Ina Faida Gani? Jedwali Litakwambia

Mwenye bangili na mkufu kabatini husikia bei ya dhahabu imepanda, akafurahi. Lakini bei inayotangazwa duniani ni ya wakia moja ya dhahabu safi, kwa dola. Bangili zake si dhahabu safi, alizinunua kwa shilingi, na sonara hatazinunua kwa bei ile ya redioni. Jedwali dogo kwenye Google Sheets, la kurasa tatu tu, linaweza kuyaunganisha yote haya.

Ukurasa wa kwanza uite Bei. Kwenye B1 andika bei ya wakia kwa dola, na kwenye B2 andika dola moja ni shilingi ngapi. Wakia ya dhahabu ina gramu 31.1035, kwa hiyo bei ya gramu moja safi hupatikana kwenye B3 kwa kanuni hii:

```
=B1/31.1035*B2
```

Tuchukulie, kwa urahisi wa hesabu, kwamba wakia ni dola 3,110.35 na dola ni shilingi 2,500. Gramu moja itakuwa shilingi 250,000. Kwenye B4 weka sehemu ya bei ambayo sonara wako hulipa anaponunua kutoka kwa mteja. Muulize kabla hujaijaza. Hapa tutumie 0.95.

Ukurasa wa pili ni Mali. Kila kitu kina mstari wake: A ni jina, B tarehe ya kununua, C gramu, D karati, E fedha zote ulizotoa, ufundi ukiwemo. Karati isome kwenye muhuri: 916 ni karati 22, 875 ni 21, 750 ni 18. Andika namba peke yake. Ukiandika “22K” au “20g”, kompyuta itayachukua kama maneno, na utaona `#VALUE!` badala ya jibu. Kama pete ina kito, uzito wa kito utolewe kwanza, maana hesabu hii ni ya dhahabu tu.

Sasa thamani iingie F2, faida G2, na asilimia ya faida H2:

```
=C2*D2/24*Bei!$B$3*Bei!$B$4
=G2/E2
```

Ya juu ni ya F2, ya chini ni ya H2; G2 ni `=F2-E2`. Alama za dola ndani ya kanuni hazihusiani na fedha. Zinashikilia kisanduku cha bei kisihame unapoivuta kanuni kushuka mistari inayofuata. Ukizisahau, mstari wa tatu utasoma visanduku vya chini yake, na thamani itatoka sifuri.

Tuseme bangili za karati 22, gramu 20, zilinunuliwa kwa 4,000,000. Thamani yake ni 4,354,167, faida 354,167, karibu asilimia 9. Mkufu wa karati 18, gramu 8, ulinunuliwa kwa 1,700,000. Huo una dhahabu safi gramu 6 tu, thamani 1,425,000, hasara 275,000. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ni ufundi, ambao sonara harudishi. Kwa pamoja vitu hivi viwili vimeleta faida ya shilingi 79,167. Bila ile 0.95, jedwali lingedai 383,333, fedha ambazo hakuna dukani wa kukupa.

Ukurasa wa tatu, Historia, ndio wengi huukosea. Wanaunganisha jumla ya leo kwa kanuni, kisha bei ikibadilika mwezi ujao, mistari yote ya nyuma inabadilika nayo. Kila mwisho wa mwezi ongeza mstari mmoja: tarehe, bei ya wakia, kiwango cha dola, jumla ya gharama, jumla ya thamani. Nakili jumla hizo kutoka Mali, ubandike kwa Ctrl+Shift+V ili ibaki namba tupu bila kanuni. Tarehe nayo iandike kwa mkono, kwani `=TODAY()` hugeuka kila siku.

Jumla ya gharama iwepo kila mwezi kwa sababu ukinunua hereni mpya, thamani itapanda bila wewe kupata chochote. Faida ni thamani kutoa gharama. Kitu ukikiuza, usikifute kimyakimya: kihamishie ukurasa wake, pamoja na bei uliyouzia, ndipo uandike mstari wa mwezi huo.

Na bei ya wakia na kiwango cha dola vikae safu tofauti, visichanganywe. Kuna miezi wakia itasimama pale pale huku thamani yako kwa shilingi ikipanda. Hapo dhahabu haikupanda. Shilingi ndiyo iliyoshuka.