Mwalimu Mkuu Apimwe kwa Kigezo Gani?

Huenda nawe, msomaji, ni mwanachama wa halmashauri ya shule ya sekondari ya kibinafsi. Katika shule za umma, Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ndiyo mwajiri wa mwalimu mkuu na ndiyo humpima. Katika shule yenu, mwajiri ni nyinyi.

Tuseme mwaka jana mlikubaliana naye kwamba kigezo kikuu kiwe wastani wa matokeo ya KCSE. Wastani wa awali ulikuwa pointi 5.2, watahiniwa wakiwa 48. Sasa matokeo yametoka na wastani umepanda hadi 5.9. Vigelegele! Mwenyekiti anapendekeza mwalimu mkuu aongezwe mshahara.

Kabla hujapiga makofi, uliza: Je, safari hii waliofanya mtihani ni wangapi? Unaambiwa ni 39. Basi itisha rejista ya darasa hilo lilipokuwa Kidato cha Tatu. Majina ni 48. Wale tisa walienda wapi? Wazazi wao walishauriwa kimyakimya wawatafutie shule nyingine.

Chukua kalamu. Wanafunzi 39 kwa wastani wa 5.9 ni pointi 230. Kama kila mmoja wa wale tisa angepata D-, yaani pointi 2, wangeongeza 18. Jumla ni 248. Gawanya kwa 48, utapata 5.2, ile ile ya awali! Huenda basi mafunzo hayakuboreka hata kidogo. Wanyonge ndio waliopunguzwa.

Lakini msimtwike lawama zote. Nyinyi ndio mliompa kigezo ambacho njia yake ya mkato ni kuwafukuza watoto wa watu.

Kigezo cha kufaa huandikwa Januari kikiwa na mambo matatu: mahali pa kuanzia, lengo na ushahidi. Kwa mfano: "Kati ya wanafunzi 50 waliomaliza Kidato cha Tatu, wasiopungua 47 watafanya KCSE mwaka huu. Ushahidi ni rejista, pamoja na barua ya mzazi wa kila aliyehama." Kigezo hiki kikiwekwa kando ya wastani, ujanja ule hauna nafasi.

Kutaneni naye tena katikati ya mwaka, ili asishtukizwe mwishoni. Siku ya kupimwa, mwacheni ajaze fomu yake kwanza. Kisha wanachama wawili au watatu walinganishe majibu yake na rejista. Msipoafikiana, maoni ya pande zote yaandikwe na kila upande utie sahihi.

Na kuna kisichopaswa kuhesabiwa dhidi yake. Ikiwa aliomba mwalimu wa fizikia mwezi wa Februari, nanyi mkamwajiri Septemba, alama mbaya za fizikia ni zenu, si zake. Ziandikeni kwenye fomu hiyo hiyo.