SWALI LILILO NDANI YA SENTENSI: LINAGEUZWA AU HALIGEUZWI?

Ndugu wanafunzi, wengi wenu asubuhi mko sekondari na jioni mko nasi madrasa, na mara kwa mara mnatuletea madaftari ya Kiingereza tuyatazame. Kuna kosa moja tunalokutana nalo kwa wanafunzi wa Handeni na wa Korogwe vilevile, kidato cha kwanza hata cha nne. Mwanafunzi anataka kusema kwamba anajiuliza mtu fulani yuko wapi, naye anaandika: "I wonder where is he." Mwalimu anapiga mstari mwekundu chini yake na kuandika juu: "I wonder where he is." Mwanafunzi anaangalia, anaona maneno ni yaleyale matano, hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa, anafunga daftari. Wiki ya pili kosa linarudi.

Linarudi kwa sababu hakuambiwa kwa nini. Basi tuanze na hilo.

Tangu shule ya msingi mmefundishwa kwamba ukitaka kuuliza kwa Kiingereza unageuza. "He is at home" ni maelezo. "Is he at home?" ni swali. Kitenzi kimeruka na kukaa mbele ya mtendaji. Kiswahili hakifanyi hivyo. "Yuko nyumbani" ni maelezo, na "Yuko nyumbani?" ni swali, maneno hayakusogea, sauti tu imepanda. Tukitaka kuweka alama iliyo wazi tunatanguliza neno dogo: "Je, yuko nyumbani?" Hiyo "je" humwambia msikilizaji kwamba anaulizwa, na jibu linangojwa kutoka kwake.

Hapo ndipo penye siri yote ya somo hili. Kule kugeuza kwa Waingereza ndiyo "je" yao. Wao hawana neno la kutanguliza, hivyo wanahamisha kitenzi, lakini kazi ni ileile ya kumwelekea mtu na kumtaka jibu.

Sasa jiulizeni: katika Kiswahili, "je" inakaa wapi? Tunasema "Je, yuko wapi?" Lakini je, tunasema "Sijui je yuko wapi"? Hatusemi. Atakayesema hivyo huwa amesema sentensi mbili, amesimama katikati: "Sijui. Je, yuko wapi?" Ukisema "sijui" hujamuuliza mtu, umeeleza hali yako, na lile swali limemezwa ndani ya maelezo. Mmelisoma jambo hili katika Kiswahili chenyewe, kwenye kauli halisi na kauli taarifa. "Je, utakuja?" ikigeuzwa kuwa kauli taarifa inakuwa "Aliuliza kama ningekuja." "Je" imeanguka, hakuna anayelalamika.

Kiingereza kinafanya hivyohivyo. Swali likimezwa, kugeuza kunaanguka. "Where is he?" likiingia baada ya "I wonder", "I don't know", "He asked me" au "Tell me", kitenzi kinarudi nyuma ya mtendaji: "where he is". Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: iseme sentensi yako kwanza kwa Kiswahili, kisha jaribu kupachika "je" mahali unapotaka kugeuza. Ikikataa kukaa, usigeuze.

Mtauliza, mbona Kiswahili kinatukosesha ikiwa kinafanana hivyo? Kwa sababu katika Kiswahili "yuko wapi" lina sura moja tu, liwe peke yake au liwe ndani ya "Sijui yuko wapi." Tumezoea kulichukua swali zima kama lilivyo na kulipachika. Mwanafunzi anafanya hivyo na "where is he", analibeba zima kama mzigo uliofungwa, wala hakumbuki kwamba ndani yake mna "je" iliyojificha. Na Kiarabu tunachosoma hapa hakimsaidii. "Aina huwa?" na "Laa adrii aina huwa" mpangilio ni mmoja. Hata "hal" ya Kiarabu, ambayo ndiyo "je" yao, inaweza kubaki ndani: "Laa adrii hal jaa-a." Lugha mbili anazozijua zinamruhusu kubeba swali zima, ya tatu inamtaka alifungue kwanza.

Sasa tazameni sentensi hii: "Je, unajua basi la Handeni linaondoka saa ngapi?" Maswali yako mawili, lakini "je" ni moja, nayo ni ya "unajua", maana huyo ndiye anayeulizwa. Basi na Kiingereza kigeuze mara moja tu, pale mwanzo: "Do you know what time the Handeni bus leaves?" Wengi huona alama ya kuuliza mwishoni wakageuza kotekote, wakaandika "Do you know what time does the Handeni bus leave?" Alama ile ni ya "Do you know". Na kwa sababu hiyohiyo "I wonder where he is" humalizika kwa nukta tu, ingawa ndani yake mna neno la kuuliza. Hakuna aliyeulizwa.

Katika mfano huo mmeona "does" imetoweka na "leave" imekuwa "leaves". Hapa panahitaji subira kidogo, kwani ndipo wanapoanguka hata wale waliokwisha kuelewa. "Do", "does" na "did" ni vibarua. Vitenzi vingi vya Kiingereza haviwezi kuruka mbele ya mtendaji vyenyewe, hivyo huitwa kibarua akae mbele kwa niaba yao, na akifika anapokea mzigo wa wakati. "He lives in Mombo" ikiulizwa ni "Where does he live?" Ile "s" imehama kutoka "lives" na kuingia kwenye "does". Swali likimezwa, kazi ya kugeuza imekwisha, kibarua anaondoka, lakini lazima aurudishe mzigo: "I know where he lives." Vilevile "Where did she go?" inakuwa "I know where she went."

Makosa ya hapa ni ya aina mbili, na ukiyatambua utajua mwanafunzi amekwama wapi. Aandikaye "I know where he live" amemfukuza kibarua akaondoka na mzigo. Aandikaye "I know where did she went" amembakisha kibarua, na mzigo ameuweka kwa wote wawili. Lakini kibarua hubaki kihalali ikiwa ana kazi nyingine, nayo ni kukanusha. "Why didn't he come?" ikimezwa ni "I know why he didn't come." Hakuondoka, amesogea tu nyuma ya mtendaji.

Swali lisilo na neno kama wapi au lini, lile la kujibiwa ndiyo au hapana, likimezwa huhitaji neno la kulifungulia mlango. Kwetu neno hilo ni "kama", kwao ni "if" au "whether". "Is he coming?" huwa "I don't know if he is coming." Kuandika "I don't know is he coming" ni sawa na kusema "Sijui anakuja" kwa kumaanisha "Sijui kama anakuja".

Sasa onyo kwa wenye bidii. Wapo ambao wakishajifunza haya hutaka kupangua kila swali. Swali la "Who opened the door?" halikugeuzwa tangu mwanzo, kwa sababu "who" ndiye mtendaji mwenyewe na yuko mahali pake. Basi hakuna cha kurudisha: "I know who opened the door." Ukilipangua ukaandika "I know who the door opened", umesema mlango ndio uliomfungua mtu.

Tuchukue barua moja tuifanyie kazi. Tuseme mwanafunzi yuko Korogwe, familia inahamia Handeni, naye anamwandikia mkuu wa shule ya huko:

"I would like to know when does the term begin. Please tell me is there a hostel and how much is the fee. I also want to know who teaches Arabic. Can you tell me where do I get the form?"

Sentensi ya kwanza: "Ningependa kujua muhula unaanza lini." "Je" haikai mbele ya "muhula". Kibarua aondoke, arudishe "s": "when the term begins". Ya pili ina maswali mawili ndani. La kwanza ni la ndiyo au hapana, tufungue mlango kwa "whether", na "there" ihesabiwe kama mtendaji: "whether there is a hostel". La pili ni "how much the fee is". Masikio ya wengi yanaikataa "is" hii inayoning'inia mwishoni, lakini hapo ndipo mahali pake, tena haifupishwi. Mtu aweza kuandika "Where's he?", lakini "I know where's he" ni kosa, na "I know where he's" ni kosa vilevile. Huandikwa "where he is" kwa ukamilifu. Ya tatu, "who teaches Arabic", iacheni. Ya mwisho ina "je" yake mwanzoni, "Can you", na inatosha: "Can you tell me where I get the form?"

Mtasikia wengine wakigeuza ndani na hawalaumiwi. Katika Kiingereza cha Ireland watu husema "He asked me was I coming", na huko India "I wonder where is he" husikika sana. Hiyo ni desturi ya usemi wa kwao. Mtihani wenu wa kidato cha pili na cha nne hupimwa kwa Kiingereza sanifu, na humo haikubaliki. Mahali pekee panapokubali kugeuza ni ndani ya alama za kunukuu: He asked, "Where is he?" Hayo ni maneno ya mtu yenyewe, hayakumezwa. Alama zikiondoka, na kugeuza kunaondoka. Katika maswali ya kauli taarifa wanafunzi hukumbuka kubadili "are" kuwa "was" na "you" kuwa "I", kisha huandika "He asked me where was I going". Wamebadili kila kitu isipokuwa mpangilio.

Zoezi. Mezesha maswali haya baada ya "I don't know": "When did the train reach Korogwe?" "Has the rain started in Handeni?" "Who rang the bell?" "Why doesn't the tap work?" Mojawapo halibadiliki hata neno moja. Leteni majibu kwa mwalimu wa zamu, na mseme ni lipi na kwa nini.