Shahidi akisema “yaani”, mkalimani aandike nini?

Jirekodi dakika mbili tu ukimsimulia rafiki yako jambo lililotokea jana, halafu jisikilize. Utakutana na “yaani” nyingi kuliko ulivyotarajia, na “basi” karibu kila unapohama kutoka tukio moja kwenda lingine. Walimu wetu wa insha walitufundisha kuyafuta maneno haya, na kwenye insha walikuwa na sababu. Lakini hebu tutoke darasani tuingie mahakamani, mahali ambapo mtu anaongea Kiswahili na maneno yake yanaandikwa kwa Kiingereza, au kinyume chake. Hapo kufuta “basi” moja kunaweza kubadilisha kile ambacho shahidi alisema.

Wanaisimu huyaita maneno haya viashiria vya mazungumzo. Hayaongezi habari mpya kwenye sentensi. Kazi yake ni kumwonyesha msikilizaji namna ya kuipokea sentensi hiyo: kwamba inafafanua iliyotangulia, au inafunga mada, au msemaji ameona swali halijakaa sawa. Kiingereza kina yake, kama “well”, “you know” na “like”. Sisi tuna yetu, na mawili makubwa tuliyapata kutoka ng’ambo ya bahari. “Yaani” ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya “anamaanisha”, na Waturuki, Waajemi na Wahindi nao wanalitumia hadi leo. “Basi” linatokana na neno la Kiajemi la “kutosha”. Shikilia maana hizo mbili za asili, kumaanisha na kutosha, maana zitatusaidia huko mbele. (Basi la abiria ni neno jingine kabisa, limefanana kwa bahati tu.)

Sasa tuchukue mfano. Nimeutunga mwenyewe, lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ataona unafanana na anavyovisikia. Wakili anamuuliza shahidi:

“Usiku ule ulimwona mshtakiwa?”

Shahidi anajibu: “Yaani, nilimwona mtu, mrefu, kavaa koti. Basi nikajua ni yeye.”

Mkalimani mwenye haraka anaona maneno mawili ya kupumulia, anayaruka. Tafsiri yake ya Kiingereza, nikiirudisha kwa Kiswahili, inasema hivi: “Nilimwona mtu mrefu aliyevaa koti. Nilijua ni yeye.” Inaonekana sawasawa, lakini isome tena ukiwa hakimu.

Kwenye tafsiri hiyo shahidi ana mambo mawili yaliyosimama kila moja peke yake: aliona mtu wa namna fulani, na alimtambua. Kwenye maneno yake ya asili lipo jambo moja tu. “Basi” inasema kwamba kujua kumetokana na urefu na koti. Hakuona sura, amekisia kutokana na dalili. Na ile “yaani” ya mwanzo nayo ina kazi. Swali lilitaka “ndiyo” au “hapana”, shahidi hakutoa hata mojawapo. “Yaani” imemwonyesha muulizaji kwamba jibu linalokuja si lile lililoombwa, ni maelezo ambayo atalazimika kuamua mwenyewe yanamaanisha nini.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni miongoni mwa ushahidi dhaifu kabisa, na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Wakili wa utetezi anaweza kusimama juu ya “basi” ile na kuuliza: ulimjua kwa sura au kwa koti? Ikiwa haimo kwenye kumbukumbu, hana pa kusimama.

Na kwa miaka mingi mara nyingi haikuwamo. Mahakama za mwanzo Tanzania zilikuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili, lakini kuanzia mahakama za wilaya kwenda juu kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza. Shahidi aliongea Kiswahili, hakimu akasikiliza Kiswahili, mkono wake ukaandika Kiingereza. Tena kwa kawaida ushahidi huandikwa kama simulizi, si swali na jibu, kwa hiyo swali lenyewe hupotea. “Yaani” ya shahidi wetu ingebaki inajibu kitu ambacho hakionekani kwenye karatasi! Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Ila mwenye mashtaka asiyejua Kiswahili bado atahitaji mkalimani, kama ilivyo pia Kenya, ambako mahakama zinatumia lugha zote mbili.

Ukigeuza upande, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, mtego mkubwa ni “well”. Kamusi nyingi zitakupa “vizuri”, na ikiwa mwanzoni mwa sentensi zitakupa “basi”. Lile la pili linaonekana jibu zuri mpaka ulijaribu. Mtu anaulizwa kama jirani yake ni mkweli, anajibu kwa “well” kisha anasema jirani huyo hulipa madeni yake. Sote tunaelewa kwamba hajamwita mkweli. Ukimtafsiri “Basi, hulipa madeni yake”, umeharibu, kwa sababu “basi” hutazama nyuma. Inachukua lililokwisha semwa na kulitolea hitimisho, au inasema imetosha. “Well” ya mwanzo wa jibu hutazama mbele, inatahadharisha kwamba kinachokuja hakitalingana na swali. Kwa kazi hiyo Kiswahili kinatumia vitu vingine: “aa”, “mh”, “kusema kweli”, “tuseme”, na kama tulivyoona kwa shahidi wetu, “yaani”. Kwa hiyo “well” hukutana na “basi” sehemu chache, hasa mtu anapotaka kuaga. Hapo “haya” au “basi, mimi naondoka” inakaa vizuri kabisa.

“Well” ya wakili ni mnyama mwingine tena. Sandra Hale, mtafiti wa ukalimani nchini Australia, alichunguza wakalimani wa mahakamani waliofanya kazi kati ya Kiingereza na Kihispania, na mwaka 1999 akachapisha makala kuhusu maneno kama “well”, “now” na “you see” kwenye maswali ya mawakili. Aligundua kwamba mara nyingi wakalimani waliyaacha. Lakini mawakili walikuwa wakiyatumia kubishana na shahidi na kuushika usukani wa mahojiano. Kwa hiyo shahidi aliyesikia kupitia mkalimani alisikia swali la kawaida, wakati kila mtu mwingine chumbani alisikia shambulio. Hebu fikiria wakili anayeanza na “well”, kisha anauliza kama shahidi hakusema jana kwamba alikuwa amelala. Kwa Kiswahili makali hayo yamo kwenye “kwani”: “Kwani jana hukusema ulikuwa umelala?” Ukiacha “kwani”, umebakiza swali tu, shahidi anajibu kwa utulivu ambao haukukusudiwa awe nao. Mimi naona hili ndilo kosa baya kuliko yote kwenye ukalimani wa mahojiano, kwa sababu halionekani popote. Habari zote zimefika, kilichopungua ni ukali.

“You know” haina shida kubwa, tunayo “unajua”, na zaidi tunayo “si unajua”, inayomwomba msikilizaji akubali kwamba jambo linafahamika. Tatizo ni nani anaambiwa. Mzee wa pwani hatamwambia hakimu “unajua” hivi hivi bila “mheshimiwa” karibu yake, na mkalimani akiitafsiri neno kwa neno, shahidi Mwingereza aliyekuwa na adabu anasikika kama anamfundisha hakimu.

“Like” ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, hasa vijana wa Kiingereza wanapoitumia kunukuu. Tuseme shahidi kijana anaeleza kwamba alimwomba mshtakiwa amrudishie simu, na mshtakiwa “was like” sijali. Rahisi kuandika “akasema, sijali”. Lakini “akasema” ni ahadi: maneno hayo yalitoka mdomoni. “Like” haitoi ahadi hiyo. Huenda mshtakiwa alisema hivyo, huenda alipandisha mabega tu, na shahidi anatuigizia alivyoonekana. Kiswahili cha vijana kina njia zake, kama “akabaki, sijali” au “akawa kama anasema sijali”, na mahakamani naipendelea hii ya pili kwa sababu “kama” imebakiza shaka mahali pake. Hakimu akitaka kujua kama maneno yalisemwa kweli, atauliza. Akiandikiwa “akasema”, hatakuwa na sababu ya kuuliza.

Je, ina maana kila “yaani” itafsiriwe? Hapana. Wapo watu ambao kwao ni pumzi. Kipimo ninachotumia ninaponukuu mahojiano ni kubadilisha neno na maana yake ya zamani. Palipo na “yaani” naweka “maana yake”. Palipo na “basi” naweka “kwa hiyo” kisha “imetosha”. Sentensi ikisimama, neno lina kazi na lazima kazi hiyo ionekane upande wa pili, hata kama si kwa neno moja. Ikianguka, namsikiliza tena msemaji. “Yaani nimechoka!” haikubali “maana yake”, lakini sauti inapanda, na kinachotafsiriwa ni huo mkazo. “Njoo basi” haikubali “kwa hiyo” wala “imetosha”; hapo “basi” inabembeleza, na Kiingereza kitahitaji ombi badala ya amri. Ni pale tu ambapo hakuna maana, hakuna mkazo, na pana kimya kabla au baada ya neno, ndipo najua mtu alikuwa anatafuta la kusema.

Kwenye maandishi ya chini ya filamu, ambapo mstari mmoja huchukua takriban herufi 40, hiyo “yaani” ya kutafuta la kusema naifuta bila kujuta. Kwenye ushahidi siifuti. Mtu aliyesita kabla ya kutaja saa ni tofauti na aliyeitaja papo hapo, na anayepaswa kuupima mwanya huo ni hakimu. Mkalimani akikosa neno la Kiingereza linalositasita kwa namna ileile, aache vitone vitatu pale shahidi alipokwama, kisha aendelee.