Jibu Lililokosewa Bila Ujumbe wa Kosa: Maumbo ya Arei Katika NumPy

Chukua mashamba manne ya mahindi. Mavuno yaliyopimwa ni magunia 8, 10, 12 na 14 kwa ekari. Modeli ya kukadiria mavuno imepewa taarifa za mashamba hayohayo nayo imepatia yote manne: 8, 10, 12, 14. Wastani wa miraba ya makosa, kipimo kinachotumika kila siku kupimia modeli za namna hii, hapa lazima uwe sifuri. Tuiachie NumPy ikokotoe:

```python
import numpy as np

y = np.array([8, 10, 12, 14])
p = np.array([[8], [10], [12], [14]])

print(np.mean((y - p) ** 2))   # 10.0
```

Jibu ni 10. Programu haikusimama, wala hakuna onyo lililotokea. Ukichukua kipeuo cha pili cha 10 unapata kama 3.16, yaani modeli inadaiwa kukosea kwa magunia matatu na kidogo kwa ekari. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi ya yote: namba hiyo inaaminika. Ingekuwa milioni tatu, au hasi, mtu angeshtuka. Magunia matatu ni kosa ambalo modeli ya kweli inaweza kulifanya, kwa hiyo mtafiti ataliandika kwenye ripoti yake na kuanza kutafuta modeli nyingine.

Chanzo kiko kwenye umbo la arei hizo mbili. `y` ni mfululizo wa namba nne, wenye mhimili mmoja tu. Ukiuliza `y.shape` unajibiwa `(4,)`. `p` ni jedwali lenye mistari minne na safu wima moja. Umbo lake ni `(4, 1)`. Kwa macho ya binadamu zote mbili ni namba nne zilezile. Kwa NumPy ni vitu viwili tofauti, na inapokutana na maumbo yasiyolingana hutumia kanuni ya utandazaji kabla haijafikiria kulalamika.

Kanuni yenyewe ni fupi. Maumbo hupangwa yakianzia kulia, kisha mihimili hulinganishwa mmoja baada ya mwingine. Mihimili miwili inakubaliana ikiwa ina urefu sawa, au ikiwa mmoja wao una urefu wa 1. Mhimili unaokosekana upande wa kushoto huhesabiwa kuwa na urefu wa 1. Penye 1, namba zilizopo hurudiwa mpaka zifikie urefu wa mwenzake. Sasa weka `(4,)` chini ya `(4, 1)`. Kulia kabisa kuna 1 na 4: ile 1 inatandazwa kuwa 4. Kushoto kuna 4 upande mmoja, na upande wa pili hamna kitu, kwa hiyo panahesabiwa 1, nayo inatandazwa kuwa 4. Matokeo ni jedwali la nne kwa nne:

```
[[ 0  2  4  6]
 [-2  0  2  4]
 [-4 -2  0  2]
 [-6 -4 -2  0]]
```

Makosa tuliyoyataka ni yale ya kwenye ulalo tu, zile sifuri nne. Namba nyingine kumi na mbili ni tofauti kati ya mavuno ya shamba moja na makadirio ya shamba lingine, jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Jumla ya miraba ya jedwali zima ni 160. Igawanye kwa 16, unapata ile 10.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini NumPy isikatae tu. Haiwezi, kwa sababu yuko mwingine anayelitaka jedwali hilohilo. Anayetafuta umbali kati ya kila jozi ya vituo kwenye mstari mmoja huandika `x - x[:, None]` kwa makusudi, na akipewa ujumbe wa kosa atakuwa ameonewa. Maktaba haina njia ya kujua nia ya mwandishi. Inaona maumbo mawili yanayokubaliana kwa kanuni, basi inaendelea na kazi. PyTorch imechagua njia ya kati: kitendakazi chake cha `mse_loss` hutoa onyo pale maumbo mawili yanapotofautiana. Kutoa kwa kawaida ndani ya NumPy hakuna onyo lolote.

Wala `(n, 1)` si umbo la ajabu linalotokea kwa nadra. Katika pandas, `df['mavuno'].values` inakupa `(n,)`, lakini `df[['mavuno']].values`, yenye mabano mawili, inakupa `(n, 1)`. `LinearRegression` ya scikit-learn ikifunzwa kwa `y` yenye umbo la `(n, 1)`, makadirio yake nayo yatarudi na umbo hilo. Mtandao wa neva unaoishia na tabaka lenye nodi moja hutoa `(n, 1)` kila mara. Inatosha upande mmoja wa hesabu upite njia moja na upande wa pili njia nyingine, zikutane kwenye alama ya kutoa.

Lakini namba hii iliyokosewa si takataka tupu. Ina maana yake, na ukiijua utaweza kuitambua. Unapochukua wastani wa miraba ya tofauti za kila jozi, unapata jumla ya vitu vitatu: mtawanyiko wa `y`, mtawanyiko wa `p`, na mraba wa tofauti kati ya wastani wa `y` na wastani wa `p`. Mtawanyiko hapa ni wastani wa miraba ya umbali wa kila namba kutoka kwenye wastani wake. Kwa mashamba yetu wastani ni 11, umbali ni 3, 1, 1 na 3, miraba yake ni 9, 1, 1 na 9, na mtawanyiko ni 5. Tano kwa `y`, tano kwa `p`, sifuri kwa tofauti ya wastani: 10.

Ndani ya jumla hiyo hamna chochote kinachouliza ni kadirio lipi ni la shamba lipi. Uhusiano kati ya `y` na `p`, ambao ndio sababu ya kuitengeneza modeli, umefutika kabisa. Hapo ndipo madhara yanapokuwa makubwa. Tuseme modeli ya pili ni ya kivivu: haiangalii taarifa yoyote, kila shamba inalipa 11. Mtawanyiko wake ni sifuri, wastani wake ni 11, kwa hiyo kwa hesabu hii mbovu inapata 5. Modeli isiyojua lolote imeishinda ile iliyopatia kila kitu.

Na ikiwa namba hiyo ndiyo inayotumika kufunza modeli, basi mafunzo yataielekeza modeli hukohuko. Thamani ndogo kabisa inayoweza kufikiwa hupatikana pale `p` yote inapokuwa namba moja, wastani wa `y`. Mtu anayefunza mtandao wa neva ataona kosa likishuka vizuri mwanzoni, kisha likigota kwenye thamani inayokaribia mtawanyiko wa `y` na kukataa kushuka zaidi, huku makadirio yote yakifanana. Atabadilisha kasi ya kujifunza, ataongeza matabaka, atatafuta data zaidi. Hayo yote hayatasaidia, maana mtandao umejifunza sawasawa kile ulichoagizwa.

Kutokana na hayo kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu hakihitaji kusoma msimbo wote. Vuruga mpangilio wa makadirio, kisha kokotoa tena:

```python
rng = np.random.default_rng(0)
print(np.mean((y - rng.permutation(p)) ** 2))   # bado 10.0
```

Modeli yenye manufaa yoyote inapaswa kuharibika ukiyahamisha makadirio yake kutoka shamba hadi shamba. Namba isipotikisika, ujue ulinganisho wa moja kwa moja haukufanyika. Angalia tu usitumie kipimo kisichofaa: ukipima wastani wa makosa yenyewe bila kuyapeleka kwenye mraba, utapata jibu sahihi hata katika jedwali la nne kwa nne, kwa hiyo kipimo hicho hakitakuonyesha chochote.

Ukubwa wa data nao hutoa dalili. Kwa rekodi 10,000, jedwali linakuwa na namba milioni 100, na kwa namba za desimali za biti 64 hizo ni megabaiti 800. Kompyuta itakwama kidogo kisha itamaliza. Kwa rekodi 100,000 ni gigabaiti 80, na mashine nyingi zitakataa. Ndiyo maana kosa hili huishi raha mustarehe kwenye data ndogo za majaribio.

Dawa ni kutamka umbo unalolitarajia kabla ya kutoa:

```python
p = p.ravel()
assert y.shape == p.shape, (y.shape, p.shape)
```

`ravel` inalirudisha jedwali la safu moja kuwa mfululizo. Wengi hujaribu `y.T` wakidhani watageuza mfululizo kuwa safu wima. Arei yenye mhimili mmoja haigeuki, inarudi na `(4,)` ileile. Na unapolinganisha majibu katika majaribio, `np.allclose` nayo hutandaza kimyakimya, ilhali `np.array_equal` hukataa maumbo yasipolingana.

Kuna ndugu wa kosa hili anayejificha kwa namna nyingine. Unataka kutoa wastani wa kila mstari kwenye jedwali, unaandika `X - X.mean(axis=1)`. Jedwali likiwa na mistari 5 na safu 3, NumPy inakukatalia palepale:

```
ValueError: operands could not be broadcast together with shapes (5,3) (5,)
```

Likiwa na mistari 3 na safu 3, inakubali. Tuseme mstari wa kwanza ni 1, 2, 3, wa pili 10, 20, 30, wa tatu 100, 200, 300. Wastani wa mistari ni 2, 20 na 200. Mstari wa kwanza ulipaswa kuwa -1, 0, 1. Unachopata ni -1, -18, -197, kwa sababu ule mfululizo wa wastani umelazwa kufuata safu wima: 2 imetolewa kwenye safu ya kwanza, 20 kwenye ya pili, 200 kwenye ya tatu. Na ukijumlisha jedwali zima kuhakiki, unapata sifuri, kama ambavyo ungepata kwenye jibu sahihi. Kagua mstari mmojammoja ndipo utaona kwamba wastani wa mstari wa kwanza sasa ni -72.

Hapa andika `X.mean(axis=1, keepdims=True)`. Neno hilo la mwisho linaubakiza mhimili uliojumlishwa ukiwa na urefu wa 1, umbo linakuwa `(3, 1)`, na kila wastani unabaki kwenye mstari wake. Majedwali ya mraba si machache: mvua ya miezi 12 katika vituo 12, au matriki yoyote ya uwiano. Ukiandika jaribio la kitendakazi kama hiki, kipe jedwali la mistari 5 na safu 3, kisha ujaribu tena kwa 3 na 5, usikipe kamwe la 3 kwa 3 peke yake.