Kazi za Hiari: Tufanye Ngapi?

Muhula huu mwalimu wetu wa hesabu alitupa kazi kumi za hiari, na sharti lake limezua mabishano mengi bwenini. Hata wazazi wameuliza: yawezekanaje mtoto afanye kazi tano, azipate zote, asiongezewe hata alama moja? Naona yafaa nieleze.

Sharti lenyewe ni hili. Kila kazi ina alama 2, jumla 20. Mwisho wa muhula mwalimu hupiga hesabu mara mbili. Kwanza huchukua mtihani peke yake, kwa 100. Kisha huupunguza mtihani uwe kwa 80, akajumlisha na alama za kazi za hiari. Jibu lililo kubwa ndilo liandikwalo. Basi kazi hizo haziwezi kumshusha mtu, ila zaweza kupotea bure.

Tumchukue mwanafunzi aliyepata 60 katika mtihani. Kwa 80, alama hizo huwa 48, yaani amepungukiwa 12. Sharti azirudishe kwanza 12 hizo, nazo ni kazi sita zisizo na kosa. Akifanya tano anapata 58, na mwalimu huandika 60 ile ile. Kazi ya saba ndiyo ya kwanza kumfaa, maana humpa 62. Lakini 62 bado ni C, kwa kuwa B huanzia 65. Ya nane humpa 64, C vilevile. Ya tisa humfikisha 66, nayo ni B. Kwa hiyo anayetafuta daraja na afanye tisa, au asifanye hata moja. Mwenzangu mmoja alifanya tano, na kwa ajili yake akaacha biolojia jioni tano.

Aliyepata 40 ana njia fupi zaidi. Mtihani wake huwa 32, na kazi nne zatosha kurudisha pengo. Saba humpa 46, akatoka D akaingia C.

Hesabu hizi ni za mtu asiyekosa. Mwenye 80 ambaye kila kazi hupata alama moja na nusu, hata akifanya zote kumi, atapata 64 na 15, yaani 79. Kwake hazina faida ya alama.

Ugumu ni kwamba kazi hukusanywa kabla ya mtihani, hivyo yatupasa kukisia. Mimi hutumia alama ya jaribio la katikati ya muhula. Aliyekisia 60 akafanya tisa, kisha akapata 70, atapata 74, B ile ile ambayo mtihani peke yake ungempa. Angaliongeza ya kumi angalipata 76, ambayo ni A. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukishafika ya tisa, usiiache ya kumi.