Madai yasiyo na tarehe: namna mdaiwa anavyoweza kumtaka mdai aseme wazi kabla ya shauri kusikilizwa

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anapopokea hati ya madai kutoka mahakamani, jambo la kwanza analotafuta ni kiasi anachodaiwa. Jambo la pili, ambalo wengi hulisahau, ni kama hati hiyo imemweleza kwa kweli alichokosa. Zipo hati zinazotaja mamilioni ya shilingi katika aya tatu, zikamwita mtu mdanganyifu, na zisiseme ni siku gani, mahali gani, wala kwa kitendo gani. Atakayeingia katika usikilizwaji akiwa na hati ya namna hiyo mkononi atajikuta akijibu tuhuma anayoisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa shahidi.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inayotumika katika Mahakama za Wilaya, za Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, inatoa njia mbili za kuzuia hali hiyo. Ya kwanza, iliyo katika Amri ya VI, ni kuomba maelezo zaidi na yaliyo bora ya jambo lililoandikwa. Ya pili, iliyo katika Amri ya XI, ni kumpelekea mpinzani maswali ya maandishi ambayo atayajibu kwa kiapo. Njia hizi hufanana kwa mbali, na kwa sababu hiyo huchanganywa mara kwa mara. Mfano ufuatao, ambao tumeutunga kwa ajili ya makala hii, unaonyesha tofauti yake.

Mfanyabiashara wa jumla wa saruji aliyeko Dar es Salaam ana wakala wake Morogoro. Wakala si mwajiriwa. Hupokea mzigo, huuza, huwasilisha mauzo na kubaki na kamisheni. Uhusiano unavunjika, na mfanyabiashara anafungua shauri. Aya ya tano ya hati yake inasema hivi: “Kwamba kati ya Januari 2022 na Desemba 2023, mdaiwa kwa nyakati tofauti na kwa udanganyifu alijipatia fedha za mdai, jumla yake shilingi 64,800,000, na hivyo kumsababishia mdai hasara.” Hakuna aya nyingine inayofafanua.

Kwa wakala, sentensi hiyo ni nzito kuliko deni. Inamwita mwizi mbele ya mji anakofanyia biashara, nayo imetandazwa juu ya miaka miwili ya mizigo na risiti. Akijibu kwa kukana tu, hajui anachokana. Akijaribu kueleza kila kitu, huenda akamkabidhi mpinzani wake mambo ambayo hakuwa nayo.

Hapa Amri ya VI inamsaidia mapema. Kanuni ya 4 inaelekeza kuwa anayetegemea udanganyifu, uvunjaji wa uaminifu, maelezo ya uongo, kutotimiza wajibu kwa makusudi au ushawishi usiofaa ni lazima aweke maelezo ya kina ya jambo hilo katika hati yake, pamoja na tarehe na vipengele inapobidi. Neno “udanganyifu” peke yake halitoshi. Kanuni ya 5 inaongeza kwamba mahakama inaweza kuamuru maelezo zaidi na yaliyo bora yatolewe, kwa masharti ya gharama na mengineyo itakayoona ni ya haki. Uzito wa tuhuma yenyewe unaonyesha sababu ya ukali huu. Tangu uamuzi wa Ratilal Gordhanbhai Patel dhidi ya Lalji Makanji wa mwaka 1957, mahakama za Afrika Mashariki zimeshikilia kwamba udanganyifu katika shauri la madai unahitaji uthibitisho mzito kuliko mizania ya kawaida ya uwezekano. Asiyeweza kutaja tarehe hana mahali pa kuanzia kuuthibitisha.

Wakili wa wakala anaanza kwa barua kwa wakili wa mdai. Barua si takwa la kanuni ya 5, lakini ni hatua ya busara, kwa kuwa mara nyingi humaliza jambo bila maombi rasmi, na ikipuuzwa humwonyesha hakimu ni nani aliyelazimisha gharama. Barua nzuri haiombi “maelezo yote.” Inanukuu maneno ya aya ya tano moja baada ya jingine na kuuliza juu ya kila moja: “kwa nyakati tofauti” ni tarehe zipi, “alijipatia” ni kwa kupokea fedha kutoka kwa nani na kwa njia gani, “kwa udanganyifu” ni kwa kusema au kuficha nini, na shilingi 64,800,000 zimejumlishwa kutoka kiasi gani na kiasi gani.

Jambo moja huwaponyoka wengi katika hatua hii. Mdaiwa ana siku 21 tangu kupokea wito za kuwasilisha utetezi wake wa maandishi, na asidhani kwamba kuandika barua, au hata kufungua maombi ya maelezo zaidi, kunasimamisha hesabu ya siku hizo. Aombe nyongeza ya muda kabla muda haujaisha, au awasilishe utetezi huku akieleza kwamba aya ya tano haijibiki kama ilivyo na kwamba maelezo yameombwa. Kuna wanaochagua njia ya tatu, yaani pingamizi la awali la kutaka hati yote itupwe kwa kuwa haieleweki. Mara nyingi hiyo ni hesabu mbaya. Hati yenye upungufu wa maelezo hurekebishika, na pingamizi likifanikiwa kwa kiasi fulani tu, matokeo yake huwa ni amri ya kurekebisha, ile ile ambayo barua ingeileta kwa gharama ndogo.

Katika mfano wetu barua haijibiwi, maombi yanafunguliwa yakiungwa mkono na hati ya kiapo, na mahakama inaamuru mdai atoe maelezo ndani ya siku 14. Yanapofika, yanaonyesha kwamba zile milioni 64.8 ni mambo matatu. La kwanza ni mifuko 2,400 ya saruji kwa shilingi 17,000 kila mmoja, yaani shilingi 40,800,000, iliyopelekwa kwa malori manne ya mifuko 600, tarehe 14 Machi, 9 Juni, 2 Septemba na 21 Novemba 2022. La pili ni shilingi 15,000,000 ambazo mafundi wa ujenzi waliochukua saruji kwa mkopo hawajalipa. La tatu ni shilingi 9,000,000 alizotanguliziwa wakala kwa ajili ya pango na usafiri.

Shauri limebadilika sura bila shahidi hata mmoja kusimama. Milioni 15 za mafundi si udanganyifu kwa maelezo ya mdai mwenyewe. Ni madeni ya wateja, na swali linalobaki ni kama mkataba ulimtwika wakala jukumu la kuyalipa. Mwaka 2023, uliotajwa katika aya ya tano, hauna tukio hata moja katika maelezo ya saruji. Zaidi ya hayo, mdai sasa amefungwa na tarehe nne. Mahakama ya Rufani, katika shauri la James Funke Ngwagilo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ilisisitiza kwamba wadaawa hufungwa na hati zao wenyewe. Mdai akija na shahidi wa lori la tano, wakili wa wakala atakuwa na haki ya kupinga, isipokuwa mdai aombe na kuruhusiwa kurekebisha hati yake.

Lakini maelezo zaidi yana mpaka wake. Yanamlazimisha mtu aeleze dai lake. Hayamlazimishi akiri ukweli unaomsaidia mwenzake, wala kutaja ushahidi atakaoutumia. Wakala anajua kwamba lori la tarehe 2 Septemba lilipokelewa na mpwa wa mdai, na kwamba baadhi ya wateja wa mzigo wa Juni walimlipa mdai moja kwa moja kwa simu. Hayo si maelezo ya dai la mdai. Ni utetezi wa wakala, na ukweli wake uko mikononi mwa mpinzani. Kuyafikia kunahitaji Amri ya XI.

Maswali ya maandishi hayapelekwi bila ruhusa ya mahakama. Anayeomba huwasilisha maswali yenyewe ili yapitiwe, na mahakama huzingatia kama upande wa pili umejitolea kutoa maelezo, kukiri au kuonyesha nyaraka, kisha huruhusu yale tu inayoona ni ya lazima kwa kuamua shauri kwa haki au kwa kuokoa gharama. Kwa kawaida mtu hupewa seti moja tu kwa kila mpinzani, hivyo swali ovyo hula nafasi ya swali zuri. Wakala anaomba matatu:

“Je, si kweli kwamba mifuko 600 ya tarehe 2 Septemba 2022 ilipokelewa na kusainiwa na mpwa wako, na si mdaiwa?”

“Je, ulipokea katika simu yako malipo kutoka kwa wateja kwa ajili ya mzigo wa tarehe 9 Juni 2022? Kama ndiyo, ni kiasi gani?”

“Je, umewahi kuwadanganya mawakala wengine?”

Mahakama inaruhusu mawili ya kwanza na kulikataa la tatu. Swali hilo halihusu jambo linalobishaniwa, na hata kama lingeweza kuulizwa kwa mdomo wakati wa kumhoji shahidi ili kupima ukweli wake, kanuni inasema wazi kwamba hilo halitoshi kuliingiza hapa. Vivyo hivyo lingekataliwa swali la “mashahidi wako ni akina nani,” au lile linalotupwa kwa matumaini tu kwamba huenda likaibua kitu.

Mdai anajibu kwa hati ya kiapo: ndiyo, mpwa wake alipokea, na ndiyo, alipokea shilingi 3,400,000, ambazo ni bei ya mifuko 200. Angeweza kupinga swali kwa sababu kwamba ni la kashfa, halihusiani na shauri au halijaulizwa kwa nia njema, lakini pingamizi hilo huwekwa ndani ya kiapo hicho hicho. Kunyamaza ni hatari. Anayekaidi amri ya kujibu anaweza kufutiwa shauri lake akiwa mdai, au kuondolewa utetezi wake akiwa mdaiwa. Jibu la juu juu, kama “sikumbuki” kwa jambo lililo katika daftari lake, humpa mwenzake nafasi ya kuomba amri ya kujibu zaidi.

Siku ya kupanga hoja zinazobishaniwa, dai la saruji limeshuka kutoka mifuko 2,400 hadi 1,600, sawa na shilingi 27,200,000. Wakala anaweza kutoa majibu hayo kama ushahidi wakati wa usikilizwaji, hata akichagua moja na kuliacha jingine, ingawa mahakama inaweza kuangalia majibu yote ikiona lililoachwa limefungamana na lililotolewa. Bado ana kazi ya kueleza mifuko hiyo 1,600 iko wapi, na zile shilingi 9,000,000 za pango na usafiri, ambazo maelezo ya mdai yalizitaja kwa tarehe na risiti, sasa zinamkabili wazi kuliko mwanzo.

Njia zote mbili ziko wazi kwa mdai pia. Utetezi unaosema tu kwamba “mdaiwa alikwisha kulipa deni lote” unastahili maswali yale yale: lini, kwa nani, kwa njia gani na kiasi gani kila mara.