Herufi moja kati ya dada na dada zake

Ujumbe wa simu wa kawaida una nafasi ya herufi 160, na hata leo tunapoandika bila kikomo, vidole bado vinafupisha. “Baba yangu” huchukua nafasi 10, “babangu” 7. Ufupisho huu si uzembe. Ni wa zamani katika usemi wetu, ndiyo maana tuna mwanangu, mumeo na mkewe. Maneno mawili yakiungana, mkazo nao huhama: katika “babangu” sauti hupanda kwenye “ba” ya pili.

Tatizo liko kwenye herufi inayomezwa. Ukiandika “dada yake amefika”, ile “y” inatwambia ni dada mmoja. “Dada zake wamefika” ni wengi, kwa sababu ya “z”. Neno “dada” lenyewe halibadiliki.

Sasa soma ujumbe huu: “Nauli ya ndugu ake nimetuma.” Hakuna kitenzi cha kutuokoa, maana “nimetuma” inamhusu mwandishi tu. Anayepokea anajiuliza kama pesa ni ya mtu mmoja au watatu. Lugha ilishampa mwandishi njia fupi isiyopoteza kitu: “nduguye” ni mmoja, “nduguze” ni wengi. Akimwambia mwenye ndugu, atasema “nduguyo” au “nduguzo”.

Binafsi napenda “mamangu” kuliko “mama angu”. La kwanza ni neno kamili. La pili limeacha pengo pale “y” ilipokuwa.